Picha ya "kabla na baada" kwa akili bandia: ni njia ipi huiacha kamera palepale?

Mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa wetu hapa Arua, Uganda, aliniomba nimtengenezee bango la siku ya usafi: upande wa kushoto mtaa uliojaa takataka, upande wa kulia mtaa uleule ukiwa safi. Jaribio la kwanza nililompelekea lilitoka katika programu ya kuchora kwa akili bandia, baada ya sentensi moja tu ya maelekezo. Aliliangalia kimya, akaanza kuhesabu kwa kidole, kisha akasema: "Kijana, kushoto maduka ni matatu, kulia ni manne. Kwa hiyo tukizoa takataka tunapata na duka la nne?"

Hakuwa na haja ya kujua lolote kuhusu programu ili aligundue kosa hilo. Picha ya kabla na baada humshawishi mtazamaji kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba kila kisichohusika na usafi kimebaki mahali pake: nguzo ya umeme, kona ya paa, mlango wa duka, ukingo wa mtaro. Kimoja kikisogea, jicho huacha kulinganisha takataka na usafi, likaanza kulinganisha mtaa mmoja na mtaa mwingine. Baada ya siku ile nilijaribu njia nne kwa kazi ileile, na nitazieleza kwa kuzilinganisha, ingawa sitazipa nafasi sawa kwa kuwa hazistahili nafasi sawa.

Kabla ya kuchagua njia, ni lazima kuamua ni picha ya aina gani inayotakiwa, maana maneno "picha iliyogawanywa kabla na baada" yana maana mbili, na programu huchagua mojawapo bila kuuliza. Maana ya kwanza ni picha mbili kamili zilizowekwa kando kwa kando, ambapo mtaa mzima unaonekana mara mbili, na nguzo ileile inaonekana mara mbili. Maana ya pili ni picha moja iliyopasuliwa katikati, ambapo nusu ya kushoto ya mtaa ni chafu na nusu ya kulia ni safi, na barabara inapita katikati ya mpasuo. Katika maana hii ya pili mtazamo ni mmoja kwa hakika, kwa kuwa kamera ni moja, lakini hakuna mahali panapoonekana katika hali zote mbili: mtaro wa kushoto tunauona mchafu tu, na veranda ya kulia tunaiona safi tu. Mtu wa kawaida akiitazama atadhani kwamba wakazi wa upande mmoja ni wachafu na wa upande mwingine ni wasafi, jambo ambalo katika mtaa wetu lingeanzisha ugomvi. Bango letu lilihitaji maana ya kwanza, na makala haya yanaihusu hiyo.

Njia ya kwanza ndiyo ambayo karibu kila mtu huanza nayo, yaani kuandika maelekezo mamoja na kuiacha programu ichore nusu zote mbili kwa mkupuo. Faida yake ni ya kweli: nusu hizo huchorwa pamoja, kila moja ikizingatia nyingine, kwa hiyo mtindo, rangi ya udongo na aina ya majengo hulingana vizuri kuliko vile ungetarajia. Tatizo ni kwamba kulingana huko ni kwa kufanana, si kwa kuwa kitu kimoja. Programu hainakili nusu ya kushoto na kuipeleka kulia. Huchora mtaa mwingine unaofanana nao sana, kama ndugu wawili waliovaa sare moja. Ndiyo maana maduka matatu huwa manne, mlango wa bluu husogea hatua moja, na kamera ya upande wa kulia hushuka kidogo bila sababu, hata barabara ikaonekana pana zaidi.

Maelekezo yangu ya siku ile yalikuwa mabaya kwa namna inayoweza kufundisha. Niliandika "picha iliyogawanywa ya mtaa mchafu na mtaa safi", na kwa maneno hayo nilikuwa nimetaja mitaa miwili. Ukiamua kubaki na njia hii, taja mtaa mmoja, sema kwamba unaonekana wote katika kila paneli, kisha vipe vitu vichache visivyohama mahali pake kwa kipimo cha upana wa paneli. Haya ndiyo yaliyonipa matokeo yanayovumilika:

```
Picha mbili kamili za mtaa mmoja, kando kwa kando, paneli
mbili sawa. Kamera iko palepale katika zote mbili: kimo cha
macho ya mtu, katikati ya barabara, ikitazama mbele.
Katika kila paneli: nguzo ya umeme ya mbao kwenye robo ya
kushoto; maduka matatu ya paa la mabati upande wa kulia;
mtaro wa zege mbele ya maduka; barabara inaishia katikati
ya paneli. Mawingu mepesi, hakuna kivuli kikali.
Paneli ya kushoto: chupa za plastiki na mifuko imejaa mtaroni.
Paneli ya kulia: mtaro mtupu, sakafu ya zege inaonekana.
Hakuna maandishi popote.
```

Sentensi ya "barabara inaishia katikati ya paneli" ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Bila hiyo, programu hupenda kuiweka barabara katikati ya picha nzima, na papo hapo unarudishwa kwenye ile maana ya pili, mtaa mmoja uliopasuliwa. Ukiona mistari ya paa na ya kingo za barabara kutoka pande zote mbili inakimbilia kwenye mpasuo wa katikati, fahamu kwamba ndivyo ilivyotokea, na usipoteze muda kurekebisha, andika upya. Vilevile, paneli safi ieleze kwa kile kinachoonekana, wala si kwa kile kisichokuwepo. Katika programu nyingi zinazochora kutokana na maandishi, kuandika "hakuna takataka" huweza kuleta takataka, kwa kuwa neno lenyewe limetajwa. "Mtaro mtupu, sakafu ya zege inaonekana" huipa programu kitu cha kuchora. Nakiri kwamba hata mimi nilivunja kanuni hiyo katika maneno kuhusu kivuli na maandishi. Hayo mawili mara nyingi husikilizwa, lakini yakikataa, njia ya kuyatibu ni hiyohiyo.

Jambo moja kuhusu lugha. Programu mpya zilizojengwa juu ya miundo mikubwa ya lugha huelewa maelekezo ya Kiswahili kwa kiasi cha kutosha kwa kazi kama hii. Zile za zamani zinazoendeshwa kwenye kompyuta yako mwenyewe, kama vile matoleo ya mwanzo ya Stable Diffusion, zilifunzwa hasa kwa maelezo ya Kiingereza, na ukizipa Kiswahili zitakuchorea chochote. Pia zote zina mazoea ya nchi nyingine: nimepata bodaboda inayotuacha ikiwa upande wa kulia wa barabara, ilhali Uganda tunaendesha kushoto. Kosa hilo likiwa katika paneli moja tu, mtazamo huonekana umegeuzwa hata kama nguzo iko mahali pake.

Kwa maelekezo hayo, njia ya kwanza inatosha kwa jambo gani? Kwa mchoro mdogo wa wazo, au kwa picha ya mtindo wa katuni ambamo majengo ni machache na hakuna atakayehesabu milango. Kwa bango litakalotundikwa mbele ya watu wanaoujua mtaa, haitoshi. Kuongeza maneno "uleule kabisa" au "bila mabadiliko yoyote" hakusaidii kiasi kinachostahili, kwa kuwa maneno hayashikilii kamera. Kinachoishikilia ni picha iliyokwisha kuwepo, na hilo ndilo linalozitenganisha njia zilizobaki.

Njia ya pili nitaipitia upesi, ingawa inasifiwa sana: kuandika maelekezo mawili tofauti, moja la mtaa mchafu na moja la mtaa safi, huku namba ya `seed` ikiwa ileile. Namba hiyo huamua chenga za nasibu ambazo programu huanza nazo kabla ya kuchora. Ukirudia namba ileile na maelekezo yaleyale katika mpangilio uleule, utapata picha ileile. Lakini ukibadilisha maneno, chenga zilezile huvutwa kuelekea picha nyingine. Ukibadilisha neno moja au mawili, umbo la jumla huweza kubaki, na hilo ndilo linalowapa watu matumaini. Ukibadilisha sentensi nzima kuhusu takataka, maduka nayo huhama. Isitoshe, programu nyingi za simu hazikuonyeshi namba hiyo kabisa. Siipendekezi kwa kazi hii.

Njia ya tatu ni kutengeneza picha moja kamili, kisha kuirudisha kwenye programu inayohariri kwa maelekezo, ukaiomba ibadilishe takataka peke yake, na mwishowe ukaunganisha picha mbili hizo mwenyewe. Uhariri wa namna hii ulikuwa dhaifu hapo awali, lakini tangu mwaka 2025, zilipotoka zana kama FLUX.1 Kontext na Gemini 2.5 Flash Image, umekuwa wa kutegemewa kiasi kwamba kwa watu wengi wenye simu tu ndio ninaouona kuwa chaguo la kwanza. Programu huiona picha yako yote na kuitumia kama kielelezo, kwa hiyo nguzo hubaki nguzo ileile, wala si ndugu yake.

Hapa kuna uamuzi mmoja unaobadilisha matokeo kuliko maneno yoyote: uanze na picha ipi, chafu au safi? Akili ya kawaida husema anza na chafu, kwa kuwa ndiyo "kabla". Lakini fikiria programu inalazimika kufanya nini. Ikipewa mtaro uliojaa mifuko na kuambiwa iondoe, ni lazima ibuni kilichokuwa chini ya mifuko: ukingo wa zege, kina cha mtaro, mstari unaoutenganisha na barabara. Hicho chote hakikuonekana, na programu ikibuni ukingo mahali pasipo sahihi, barabara nzima huonekana imepanuka. Ikipewa mtaro safi na kuambiwa iujaze, kila mstari tayari upo na kazi yake ni kufunika tu. Kwa hiyo, kama mtaa ni wa kubuni, tengeneza kwanza picha safi, iridhishe macho yako, kisha ichafue:

```
Hariri picha hii. Jaza mtaro kwa chupa za plastiki, mifuko
iliyochanika na maganda ya ndizi; baadhi zimwagike hadi
ukingo wa barabara. Usibadilishe majengo, nguzo, paa, anga,
mwanga, wala ukubwa na mkato wa picha.
```

Ikiwa una picha halisi uliyoipiga kwa simu mtaani, huna hiari. Takataka zipo tayari na utalazimika kuziondoa. Hapo msaada mkubwa ni kuieleza programu kilicho chini: "chini ya takataka kuna mtaro wa zege wenye kina cha goti, ukingo wake umenyooka kutoka kona ya chini kulia hadi kwenye mlango wa duka la mwisho." Wewe umeuona mtaro huo siku ya mvua, programu haijauona.

Njia hii ina makosa yake matatu, na yote hutokea kimyakimya. La kwanza ni kusogea kidogo: programu nyingi za aina hii huichora upya picha nzima, hata sehemu ambazo hukuzitaja, na picha inayorudi huweza kuwa imekuzwa au kukatwa kwa pikseli chache. Ukiitazama peke yake huoni kitu. Ukiiweka kando ya ya kwanza, paa limepanda. La pili ni uzuri wa ziada. Ukisema "safisha mtaa", programu husafisha hadi mbingu: mawingu huondoka, kuta hupakwa rangi mpya, vumbi jekundu lililotapakaa chini ya kuta hutoweka, na mti huota mahali palipokuwa na kibanda cha chapati za rolex. Fagio haliwezi kufanya hayo, na mkazi anayeujua mtaa atasema bango linadanganya, tena atakuwa amesema kweli. Ndiyo maana nilitaja anga na mwanga katika maelekezo, na ndiyo maana situmii kamwe neno la jumla kama "pendezesha". La tatu ni kuharibika kwa kurudiarudia. Ukihariri picha iliyohaririwa, kisha ukahariri tena matokeo yake, makosa madogo hujumlishana, na katika mzunguko wa nne au wa tano maandishi ya kwenye vibao yamekuwa mikwaruzo na mabati yamekuwa vigae. Rudi kwenye picha ya asili kila mara na uyaboreshe maelekezo, badala ya kuendelea kuikarabati ile iliyokosewa.

Njia ya nne ni kupaka kwa brashi eneo linaloruhusiwa kubadilika na kuiacha programu ichore humo tu. Katika programu nyingi za kompyuta huitwa `Inpaint`. Hii ndiyo pekee inayotoa dhamana badala ya matumaini, kwa sharti kwamba programu irudishe pikseli za asili nje ya eneo ulilopaka. Nguzo haiwezi kuhama kwa kuwa haikuguswa. Gharama yake ni muda na uangalifu. Ukipaka eneo dogo mno, ukiishia pale pale takataka zinapoishia, programu hukosa nafasi ya kuunganisha na hubaki mstari unaoonekana kama kiraka cha nguo. Ukipaka eneo kubwa mno, ukaingia kwenye milango, umerudi kwenye njia ya tatu. Mimi hupaka takataka pamoja na ukanda mwembamba wa udongo safi kuzizunguka, na kivuli chake nikikiona, kwa sababu mfuko ukiondoka kivuli chake kikabaki, jicho hutambua kuna kitu hata kama halijui ni kitu gani.

Wanaotumia Stable Diffusion kwenye kompyuta zao watakutana na kipimo cha `Denoising strength`, kinachoanzia 0 hadi 1, kinachoamua programu iondoke kwa kiasi gani kutoka kwenye kile kilichopo. Katika picha nzima isiyopakwa eneo, kipimo hicho ni mtego wa pande mbili: kikiwa chini takataka hubaki, kikiwa juu majengo huhama, na katikati unapata kidogo cha mabaya yote mawili. Ndani ya eneo lililopakwa, kipandishe bila hofu, kwa mfano kwenye 0.8 au zaidi, kwa sababu kilicho nje kimelindwa. Ukikiacha chini, takataka huondoka na kurudi zikiwa takataka nyingine. Wapo pia wanaotumia ControlNet, nyongeza ya Stable Diffusion iliyotoka mwaka 2023, ambayo huchukua ramani ya kina au ya mistari kutoka picha ya kwanza na kuilazimisha picha ya pili iifuate. Inashikilia umbo vizuri sana, lakini haishikilii rangi wala sura ya ukuta, na huhitaji kompyuta yenye kadi ya michoro. Kwa bango la mtaa ni kama kukodi lori kubeba ndoo ya maji.

Kwangu mimi kilichofanya kazi hatimaye kilikuwa ndoa ya njia ya tatu na ya nne. Nilitengeneza picha safi ya pikseli 768 kwa 1024, nikaomba ichafuliwe kwa maelekezo yaliyo hapo juu, kisha nikazifungua zote mbili katika GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha kwenye kompyuta, ile safi chini na ile chafu juu. Niliigeuza tabaka ya juu kuwa `Difference`. Katika hali hiyo, palipo sawa huwa peusi na palipo tofauti hung'aa. Nilitarajia mtaro tu ung'ae, lakini paa nalo lilikuwa na uzi mwembamba unaong'aa ukingoni mwake mwote, na nguzo ilikuwa na uzi kama huo ubavuni. Nyuzi za namna hiyo ni dalili ya kusogea: vitu vilevile, mahali tofauti kidogo. Laiti ingekuwa rangi imebadilika tu, uso wote wa paa ungekuwa wa kijivu badala ya ukingo peke yake.

Wasio na GIMP wanaweza kupata picha ileile ya tofauti kwa amri moja ya ImageMagick, programu ya picha inayoendeshwa kwa kuandika amri:

```
magick kabla.png baada.png -compose difference -composite tofauti.png
```

Nilipima ubavu wa nguzo: katika picha safi ulikuwa pikseli 190 kutoka kushoto, katika chafu 194. Kona ya paa ilikuwa imesogea pikseli 4 vilevile, na mlango wa duka la mwisho pia 4. Kwa kuwa vyote vitatu vilisogea sawa na kwa upande mmoja, picha haikuwa imekuzwa, ilikuwa imeteleza tu, na kuirudisha kushoto kwa pikseli 4 kulimaliza jambo. Kama nguzo iliyo karibu na ukingo wa kushoto ingesogea kushoto na mlango ulio kulia ungesogea kulia, ingekuwa imekuzwa, na dawa ingekuwa kuipunguza kidogo hadi alama zilingane. Na kama kila kitu kingesogea kivyake, nguzo huku na mlango kule, hakuna dawa. Hiyo ni kamera nyingine, tupa na uombe tena. Baada ya kulinganisha, niliiweka tabaka kwenye `Normal`, nikaikatia ile chafu barakoa ya tabaka ili ionekane mtaroni na ukingoni mwa barabara peke yake, huku kila kitu kingine kikitoka kwenye picha safi. Hapo `Difference` ilibaki nyeusi kila mahali isipokuwa mtaroni na ukingoni mwa barabara.

Katika upimaji huo, vitu vinavyotembea visikusumbue. Mtazamo kuwa mmoja hakumaanishi kwamba bodaboda ileile isimame palepale siku mbili tofauti. Kwa kweli ikisimama palepale, na dereva akiwa ameinamisha kichwa vilevile, picha huonekana ya kughushi. Katika toleo langu la kwanza kulikuwa na korongo mmoja wa wale wakubwa wanaojulikana mjini Kampala kwa jina la kalooli, amesimama juu ya rundo, na katika picha safi alibaki amesimama angani kwa miguu yake miwili, rundo likiwa limeondoka. Nilimfuta kwa shingo upande. Njia rahisi ni kuomba mtaa usio na watu wala ndege tangu mwanzo.

Kuunganisha ni hatua fupi ambayo huharibu kazi nzima kwa wanaotumia simu. Programu za kolaji hujaza fremu kwa kuikuza na kuikata kila picha, na kama vidole vyako vimeigusa moja ukaisogeza, mtazamo uliouhangaikia umepotea. Hakikisha picha mbili zina vipimo sawa na fremu ina uwiano uleule, au tumia kompyuta, ambapo amri moja haigusi chochote:

```
magick kabla.png baada.png +append pamoja.png
```

Matokeo huwa pikseli 1536 kwa 1024. Kuyahakiki kwa mara ya mwisho, alama iliyo pikseli 190 kutoka kushoto ionekane tena kwenye 190 ukijumlisha 768, yaani 958. Nilichagua nusu zilizosimama wima kwa makusudi: picha mbili pana zikiwekwa kando kwa kando huwa utepe mrefu ambao kwenye WhatsApp hauonyeshi hata mtaro. Maneno KABLA na BAADA niliyaandika mwenyewe mwishoni, kwa kuwa nikiiachia programu hupata BAADAA au KALBA, na kila uhariri huyapotosha zaidi. Kutoka kwenye jozi hiyohiyo unaweza pia kupata ile picha iliyopasuliwa katikati, kwa kuchukua nusu ya kushoto ya moja na nusu ya kulia ya nyingine; kinyume chake hakiwezekani, na hiyo ni sababu nyingine ya kutengeneza jozi kamili kwanza.

Kwa hiyo, anayechagua ajiulize ana nini mkononi. Mwenye simu tu na mtaa wa kubuni, achukue njia ya tatu, aanze na safi, kisha azipokezane picha mbili kwenye skrini kwa kutelezesha kidole mbele na nyuma. Paa likirukaruka, aombe tena. Mwenye kompyuta na picha halisi ya mtaa, apake eneo kwa brashi. Njia ya kwanza ibaki kwa mchoro wa haraka wa kumwonyesha mteja wazo. Na aliyekwisha kusafisha kweli mtaa na anataka kuonyesha matokeo kwa halmashauri au kwa mfadhili, asitumie yoyote kati ya hizi: aweke alama kwa chaki pale aliposimama, apige picha kabla, arudi asimame palepale saa ileile apige baada. Picha ya kubuni ni kwa ajili ya jambo ambalo bado halijafanyika, na kwenye bango letu niliandika hivyo chini kwa herufi zinazosomeka: "Picha ya kubuni, si mtaa halisi."

Nilipompelekea mwenyekiti toleo la pili, hakusema neno kuhusu mtaro. Aliweka kidole kwenye mlango wa kwanza wa kushoto, akahesabu matatu, akakihamisha kidole kulia, akahesabu matatu, kisha akauliza karatasi ya ukubwa wa A2 inachapishwa kwa bei gani.